Boti ya Aliyenyamaza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanaonijua wananiambia kazi ya uwakili imeniongezea. Sikatai. Kuna mambo yakiingia ofisini kwangu damu inanichemka kabla mteja hajamaliza sentensi ya pili, na moja ya mambo hayo ni mtu kuchukuliwa kitu chake kwa sababu hakusema neno.

Ofisi yangu iko Gungu, mjini Kigoma, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Bodaboda hupiga resi pale chini kuanzia asubuhi, kwa hiyo wateja wangu wamezoea kuongea kwa sauti. Yule mama aliongea kwa sauti ya chini. Alipanda ngazi siku ya Jumatatu, kitenge amejifunga vizuri, kanga kichwani, akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia mara mbili aketi. Alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Kalinzi kule juu kwenye migomba na kahawa, aliyeolewa na mvuvi wa Ujiji na kuteremka naye ziwani. Mume alikuwa amefariki mwaka mmoja na ushee. Alimwachia boti.

"Boti yangu wameihamisha, mwanangu," akasema. "Jumamosi asubuhi nimeshuka Kibirizi nikakuta pale pa boti pana mchanga mtupu. Mawe, mama yangu! Nikadhani imezama."

Haikuwa imezama. Ilikuwa Katonga, kwenye mwalo wa kuegeshea boti anaotumia tajiri mmoja wa dagaa, na vijana wake walikuwa wamekwisha kuanza kuipaka rangi mpya. Yule tajiri alisema ameinunua. Mama alisema hajauza. Hapo ndipo palipokuwa na kesi, na kwa mama yule palikuwa na kila kitu, kwa sababu boti ile ndiyo iliyokuwa inamlisha. Wavuvi wake walitoka nayo usiku, wakarudi alfajiri na dagaa, yeye akawaanika na kuwauza. Bila boti angebaki mtu wa kuomba kwa shemeji.

Nikamwambia anieleze tangu mwanzo, na asinifiche jambo hata kama analiona baya.

Jumatatu ya wiki iliyotangulia, tajiri alimkuta kwenye vichanja vya kuanikia dagaa pale Kibirizi, akina mama wenzake wamejaa. Alikuwa rafiki wa marehemu, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo. Akamwambia boti anaitaka. Akataja bei, na bei ilikuwa nzuri, mama mwenyewe alikiri. Halafu akamalizia hivi: "Sitaki kukusumbua, shemeji. Kama hadi Ijumaa baada ya swala sijasikia neno lako, mimi nitajua umekubali na boti ni yangu." Akaondoka.

"Wewe ukasema nini?" nikamwuliza.

"Sikusema kitu."

"Hata kichwa hukutikisa?"

"Nilikuwa nimeinama nageuza dagaa. Mtu mzima yule, na watu wote wale. Ningemjibu nini pale?"

Hakumpigia simu Jumanne, wala Jumatano, wala siku nyingine. Ijumaa ikapita. Jumamosi boti ikahamishwa, na jioni ya siku hiyo hiyo tajiri akatuma fedha kwenye simu yake, malipo ya kuanzia. Nikashika kalamu kwa nguvu.

"Umezitumia?"

"Nimezirudisha palepale. Binti yangu ndiye aliyenibonyezea."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Angezila fedha zile huku anajua ni za nini, habari ingekuwa nyingine kabisa, kwa sababu mtu anaweza kukubali kwa tendo bila kufungua mdomo. Ukipokea malipo ya kitu na kukaa nayo, umesema. Lakini yeye alikuwa amezirudisha, na kurudisha fedha ni njia mojawapo iliyo wazi ya kusema hapana.

Halafu akaangalia mikono yake.

"Kuna jambo lingine, mwanangu. Moyoni nilikuwa nimekubali."

Nikaweka kalamu chini.

"Jumatano nilikaa nikafikiri, nikaona bora niiuze. Nimechoka na wavuvi, kila siku wana hadithi mpya. Nikamwambia shemeji yangu, mdogo wake marehemu, kwamba nadhani nitamwachia yule mzee boti. Alhamisi usiku nikageuza mawazo. Nikasema, nikishauza boti nitakuwa nani hapa ziwani? Kwa hiyo wao wakisema nilikubali, mimi nitaapaje kwamba sikukubali?"

Ndicho kilichokuwa kinamla. Aliogopa kwamba tajiri alikuwa na haki, na kwamba yeye ndiye mwongo. Alikuja kwangu akiwa nusu ameshajihukumu.

Nilimwambia kitu ambacho nilikuwa na uhakika nacho kuliko nilivyo na uhakika wa mengi: kukubali kwa moyoni si kukubali. Sheria yetu ya mikataba inataka yule aliyepewa pendekezo aonyeshe kukubali kwake, na amwonyeshe yule aliyelitoa, kwa neno au kwa tendo ambalo mwenzake ataliona na kulielewa. Mpaka hapo, pendekezo linaning'inia tu. Unaweza kukubali moyoni Jumatano, ukakataa Alhamisi, ukakubali tena kabla ya chai ya asubuhi, na hakuna aliyefungwa na lolote. Moyo ni wako. Mahakama haiusomi.

"Kwa hiyo niseme kweli?"

"Useme kweli yote. Hiyo ya moyoni ukiulizwa, ijibu bila kusitasita. Haitudhuru."

Hakuniamini sana. Niliona.

Nifafanue kidogo hapa, maana hata mawakili huteleza. Kanuni yenyewe ni fupi na mtoto anaielewa. Mwuza vitumbua akija akatundika mfuko mlangoni kwako, akakwambia, "Usiponirudishia hadi saa nne, umenunua," je, una deni? Huna. Hana haki ya kukupa kazi ya kurudisha mfuko wala kazi ya kufungua mdomo. Anaweza kujifunga yeye mwenyewe kwa maneno yake. Kukufunga wewe hawezi. Ukivila vitumbua, hapo sawa, ulipe. Ukiviacha palepale mlangoni na kwenda zako kazini, hakuna mkataba.

Kila mtu huikubali kanuni hiyo ya vitumbua. Shida ni kwamba kesi haziji zikiwa uchi namna hiyo. Nilipokuwa nasoma sheria, mwalimu wetu wa mikataba alikuwa na ufundi wa kuuvisha ukimya nguo. Angeweka udugu kwenye swali la mtihani, au urafiki wa miaka, au biashara ya zamani kati ya wawili hao, au bei nzuri ambayo mtu mwenye akili angeikubali, au kumfanya yule mnyamavu awe ameshafurahi kimoyomoyo. Tulikuwa tunasoma, tunachukuliwa na hadithi, na tukifika mwisho tunaandika kwamba mkataba upo. Alikuwa anatuchapa sifuri huku anacheka. Tangu hapo nikisoma maelezo ya kesi huwa navua nguo moja moja na kuuliza swali lilelile: nani alimwambia nani, nini, lini? Jibu likiwa "hakuna aliyesema," naanza kutafuta tendo. Tendo likikosekana, nafunga jalada la mwenzangu.

Tukafungua shauri Mahakama ya Wilaya. Kwanza niliomba amri ya muda ili boti isiuzwe wala isisafirishwe kwenda upande wa Kongo wakati shauri linaendelea, nikapewa. Boti ikabaki imefungwa Katonga, nusu ina rangi ya zamani, nusu ina ya bluu. Mama akawa anapita pale kuitazama. Nilimkataza, akaendelea.

Tajiri aliajiri wakili kutoka nje ya mkoa, kijana mwenye suti nzuri na adabu nzuri zaidi. Niseme haki, alijua kazi. Hakuja na hoja moja; alikuja na nguo zote za mwalimu wangu.

Ya kwanza ilikuwa biashara ya zamani. Akamsimamisha tajiri akamwuliza jinsi walivyokuwa wakifanya biashara ya dagaa na familia ile. Tajiri akaeleza, na alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kwamba miaka nenda rudi magunia ya dagaa yaliletwa ghalani kwake bila simu, bila kuulizana. Yeye aliyapokea bila kusema neno, na mwisho wa wiki alilipa. "Sisi na watu hawa hatukuwa na desturi ya maneno mengi, Mheshimiwa. Tulielewana kimya kimya."

Hakimu akaandika. Hakimu wetu alikuwa mgeni Kigoma, mtu wa kanda ya kati, ana miwani mizito na hapendi kuharakishwa. Nilipenda alivyokuwa anaandika, lakini hilo aliloliandika halikunipendeza, kwa sababu ndiyo hoja ya kweli kuliko zote. Watu wakishazoeana kwa namna fulani, kuna wakati kunyamaza kunabeba maana.

Zamu yangu ilipofika nikamwamkia. Mtu mzima ni mtu mzima hata akiwa mdaiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Magunia yale yalikuwa yanafika ghalani kwako, ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ukiyapokea unayafanyaje?"

"Nayapima, nayafungasha, nayapakia kwenye lori yaende."

"Kwa hiyo hukuwa unanyamaza. Ulikuwa unapima, unafungasha, unapakia. Kuna siku uliletewa magunia ukayaacha nje yanyeshewe mvua, halafu ukaambiwa umeyanunua?"

"Hapana. Nani akubali hivyo?"

"Ahsante, mzee. Na je, kabla ya hapo umewahi kununua boti kutoka kwao?"

"Boti, hapana. Ni mara ya kwanza."

Nikaliacha hapo. Mikono yake ndiyo iliyokuwa inakubali magunia miaka yote ile. Ukimya ulikuwa unasindikiza tu.

Nguo ya pili ilikuwa desturi. Wakili mwenzangu akataka kuonyesha kwamba kwa watu wa Ujiji kunyamaza ni heshima na pia ni jibu. Akamwuliza tajiri binti wa kwao anapoposwa huulizwaje. Tajiri akatabasamu, akasema binti huitwa ndani, huulizwa, naye huinama na kunyamaza, basi wazee hujua amekubali na fatiha husomwa. Watu kwenye mabenchi ya nyuma wakatikisa vichwa. Ni kweli. Mimi mwenyewe ni wa Buzebazeba, mtaa wa hapa hapa mjini, nimewaona mabinti wakiinama.

"Mzee," nikamwuliza nilipopata nafasi, "huyo anayeinama akanyamaza ni mwari, ndivyo?"

"Ndiyo, mwari."

"Na mjane akiposwa?"

Alikuwa mtu wa msikitini na alijua jibu kunizidi.

"Mjane husema mwenyewe," akasema.

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Mteja wangu ni mwari au mjane?"

Chumba kikacheka, na hakimu akagonga meza kwa kalamu. Sikuwa na haja ya hoja ile kisheria, maana ndoa ni ndoa na boti ni boti, na nilimwambia hakimu hivyo hivyo. Lakini kama mtu anakuja na desturi mahakamani, naona aje nayo yote.

Nguo ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Wakili akamwuliza tajiri kama mama yule alifanya jambo lolote kuonyesha amekubali. Tajiri akakaa sawa.

"Alifanya. Alhamisi alasiri nilipita Kibirizi. Nilimwona kwa macho yangu anasimamia vijana wanashusha vitu vyake vyote kutoka kwenye boti. Nyavu, taa, betri, mpaka birika la chai la wavuvi. Boti ilibaki tupu. Nikajua ananikabidhi."

Mama hakuwa ameniambia jambo hilo. Nikamtazama, alikuwa ananitazama kwa mshangao mtupu, kana kwamba hakuelewa kwa nini linatajwa. Wakili mwenzangu alikuwa amekwisha kushika mwelekeo: hapa hakuna ukimya tena, Mheshimiwa, hapa kuna tendo, limefanywa hadharani, ndani ya muda uliowekwa, na mdaiwa ameliona. Na alikuwa sahihi kwamba tendo la namna hiyo linaweza kutosha. Anayeambiwa "kama umekubali, nishushie vitu vyako," akavishusha, amekubali kama aliyetia sahihi. Hata bila kuambiwa hivyo, mtu akiikabidhi boti waziwazi, tendo linasema.

Hakimu alinigeukia kwa maswali ya dodoso. Nikasimama nikiwa bado sijajua nitauliza nini. Nikamtazama tena mama. Kwa mkono mmoja, juu ya kitenge chake, alichora duara.

Nikacheka kimoyomoyo. Nimekulia mji huu, nikalisahau jambo ambalo kila jiko linalijua kwa bei ya dagaa.

"Mzee, wewe umenunua dagaa miaka mingi."

"Tangu ujana."

"Alhamisi ile unayoisema, mwezi ulikuwaje?"

Wakili mwenzangu akasimama kupinga kwamba swali halihusiani na shauri. Hakimu akamwambia akae, angependa kusikia.

"Mwezi?" tajiri akasema.

"Mwezi wa angani, mzee."

Alifikiri. Nilimwona anahesabu kwa vidole chini ya meza ya shahidi. "Ulikuwa mpevu," akasema.

"Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa wanafanya nini?"

"Hawatoki. Dagaa hafuati taa, ziwa zima lina mwanga."

"Na nyavu wanaziweka wapi siku hizo?"

Akanyamaza. Kwa kweli sikuwahi kuona ukimya uliosema mengi namna ile, lakini kazi yangu hainiruhusu kuutegemea, nikarudia swali.

"Hushushwa," akasema. "Zikaushwe, zishonwe."

"Na taa? Na betri?"

"Huenda nyumbani zisiibiwe."

"Alhamisi ile pale Kibirizi uliona boti ngapi zimeshushwa vitu?"

"Nyingi."

"Nyingi, au zote za dagaa?"

"Zote."

"Nazo zote ulizinunua?"

Safari hii hakimu hakugonga meza. Alivua miwani akaifuta, na nadhani alikuwa anaficha mdomo. Tajiri hakucheka, na nilimwonea huruma kidogo. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeitamani boti mpaka akaona kile ambacho macho yake mwenyewe yalijua si kweli. Yeye zaidi ya wote alijua kalenda ya mwezi. Riziki yake ilikuwa inaifuata. Lakini aliishi wiki ile nzima akisikiliza jibu, na mtu anayesikiliza sana huanza kulisikia.

Ilibaki ya mwisho, ile iliyomkosesha mama usingizi. Wakamleta shemeji yake, mdogo wa marehemu, kanzu safi, kofia imekaa vizuri. Akasema Jumatano shemeji yake alimwambia kwamba atamwachia mzee boti. Mama alipokuwa kizimbani kabla yake alikuwa ameulizwa, na alikuwa amejibu kama nilivyomwambia.

"Ni kweli kwamba moyoni ulikuwa umekubali?" wakili alimwuliza siku ile, kwa upole kabisa, kama daktari anayeuliza panapouma.

"Ni kweli. Jumatano nilikuwa nimekubali."

Watu walinong'ona. Wakili alikaa chini akiwa ameridhika, na mteja wangu alinitazama kwa macho ya mtu aliyeachia kamba. Mimi sikusimama hata kumhoji upya. Nilitaka jibu lile libaki kwenye kumbukumbu likiwa safi hivyo hivyo.

Kwa shemeji nilikuwa na maswali machache tu.

"Alipokwambia hayo, alikutuma umpelekee mdaiwa?"

"Hakunituma. Tulikuwa tunazungumza tu nyumbani."

"Wewe ni wakala wa mdaiwa? Alikuweka upokee jibu kwa niaba yake?"

"Hapana."

"Ulimwambia mdaiwa?"

"Nilimwambia."

"Lini?"

Akakuna shingo. "Jumapili. Boti ilikuwa imeshafika Katonga."

Nikamshukuru. Hata kama angemwambia Alhamisi, bila kutumwa, lisingekuwa neno la mama bali umbeya wa shemeji. Pendekezo linajibiwa na aliyepewa, au na aliyetumwa naye. Siyo na kila aliyesikia.

Katika hoja za mwisho sikuongea sana, jambo ambalo ni nadra kwangu. Nilimwambia hakimu avue nguo moja moja. Ondoa urafiki wa marehemu, ondoa magunia, ondoa mwari na posa, ondoa mwezi, ondoa alichofikiri mjane Jumatano jikoni kwake. Kinachobaki ni mtu mmoja aliyesema, "Ukinyamaza umekubali," na mwingine aliyenyamaza. Nikasema kwamba tukikubali hilo, kuanzia kesho mtu yeyote mwenye sauti kubwa atapita mitaani akitaja bei za vitu vya watu, na atakayekuwa amelala, anayeumwa, anayeona haya au aliye msibani ataamka hana kitu.

Hukumu ilisomwa asubuhi yenye upepo, ziwa linanguruma mpaka tunalisikia ndani. Hakimu alisoma polepole kama alivyokuwa akiandika. Pendekezo lilikuwepo, halali na wazi. Kukubali hakukuwepo. Mtoa pendekezo anaweza kuchagua namna ya kujibiwa, lakini hawezi kuuweka ukimya uwe jibu na kumfunga mwenzake nao. Kushusha nyavu kulikuwa desturi ya uvuvi wakati wa mwezi mpevu na hakukuonyesha makabidhiano. Nia iliyobaki moyoni haikuwa kukubali. Boti irudishwe.

Mama hakupiga kelele wala hakulia. Aliniuliza kwa kunong'ona, "Amesema irudishwe?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza tena. Nikamwambia tena, na mimi ndiye niliyetokwa na machozi, nikajifanya natafuta kitu kwenye begi.

Nje, chini ya baraza, tajiri alimfuata. Alimwita shemeji kama zamani, akamwambia amesikia, na kwamba bei yake iko palepale kama siku moja ataamua. Mama akamwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake ofisini kwangu, "Sikuuzii, mzee. Nikibadilisha mawazo nitakuja kwako mwenyewe nikwambie." Yule mzee akaitika, akaenda kutafuta bodaboda.

Tukapanda pamoja mpaka ofisini kutia sahihi karatasi za mwisho. Niliagiza chai na chapati kutoka kwa mama ntilie wa chini, maana nilikuwa na furaha na furaha hunipa njaa. Nilikuwa namsimulia jinsi wakili mwenzangu alivyokuwa amekunja uso wakati wa maswali ya mwezi, naigiza na sauti, na yeye alikuwa anacheka huku amefunika mdomo kwa kanga. Nilijiona hodari. Siwezi kusema uongo, nilijiona hodari sana.

Alipomaliza chai alikiweka kikombe chini taratibu.

"Mwanangu, ile kanuni. Ni ya boti tu?"

"Ni ya kila makubaliano. Kwa nini?"

"Marehemu aliacha na shamba la michikichi, kule njia ya Kalinzi. Nilipokuwa ndani ya eda, shemeji alikuja na wenzake wawili. Wakasimama mlangoni. Akasema shamba atalichukua yeye alitunze, na kama sina neno basi tumekubaliana." Akakikung'uta kitenge chake, kilikuwa safi. "Nilikuwa nimejifunika, nalia. Sikuwa na neno. Na nyumba ya mbele wakaja hivyo hivyo. Na mashine ya kukamulia mawese. Mimi muda huu wote nimejua kwamba niliwapa."

Chini, mtu alikuwa anajaribu injini mpya ya pikipiki, inakohoa na kuzima. Nilisubiri iwake au iachwe. Halafu nikainuka, nikafunga mlango, nikarudi kuketi mbele yake na kumwomba aniambie kila kitu walichomwuliza na hakujibu.

Tulikaa mpaka mama ntilie alipokuja kudai vikombe vyake, na mjane wangu alikuwa bado hajamaliza kutaja walivyochukua.